Mugeni wa kusemesha bafinalisti: wa hapa Lubumbashi, wa Kolwezi ao wa Kinshasa kwa video?

Kila mwaka kuanzia Januari masomo mingi za hapa Lubumbashi zinaanza kutafuta mutu wa kukuya kusemesha bafinalisti juu ya nini batasoma kisha Egzeta, na mabishano kwenye komite inakuwaka paka ile ile. Mumoja anasema tuite mutu wa hapa hapa, mwengine anasema hapana, tulete mukubwa wa Kolwezi mwenye anatumika kwa mine, wa tatu anasema siku hizi hata mutu wa Kinshasa anaweza kusema kwa video, kwa nini tujisumbue. Zote tatu zinawezekana, lakini hazina bei moja, hazina hatari moja, na hazifai kwa swali moja. Naziweka pembeni-pembeni hapa ili komite ipate kuchagua mbele barua ya kwanza haijaenda.

Tuchukue mufano moja tuufuate mpaka mwisho. Masomo ya Katuba, bafinalisti 120 ba siyantifiki, sali ya parokia bamewaazima bure, komite ya bazazi imekusanya dola 150, na siku ni Posho moja ya mwezi wa pili asubuhi. Bei zenye natumia ni za mufano tu wa kufanya hesabu, wewe utaenda kuuliza za kweli kwa ajensi ya bisi na kwa hoteli yenyewe.

Mbele ya kutafuta mutu, andikeni kichwa cha habari kama swali lenye mutoto anaweza kuuliza. "Mine na maisha ya kesho" haisaidie mutu, mugeni akiisoma atatayarisha hotuba ya sikukuu, atasema juu ya utajiri wa kobalti na shaba, batoto batapiga makofi na kurudia nyumbani bila kujua nini. Andika hivi: "Kama nataka kutumika kwa mine, nisome nini, inachukua miaka ngapi, na mwaka wa kwanza wa kazi unafanyaka nini?" Sasa mugeni anajua mbele kwamba ataulizwa mambo ya fakilte, ya miaka, ya kazi ya usiku, ya kofia na viatu. Na ninyi munajua mutafute nani, juu swali hilo haliombi mutu mukubwa, linaomba mutu mwenye amepita njia hiyo zamani si nyingi.

Na mujihakikishe mwenye atasikia ni nani kabisa. Mufinalisti wa siyantifiki anaweza kujitayarisha kwa Politekniki. Mufinalisti wa Komersiyali amekwisha kupita kona, kumusemesha saa nzima juu ya metaliriji ni kumuumiza bure, ni heri asikie juu ya kontabilite na lojistiki ndani ya mine ile ile, maana kule pia banaandika batu ba namna hiyo. Na kama kweli munataka kusaidia kuchagua seksyo, basi batu ba kuita kwa sali ni batoto ba mwaka wa nane, benye beko karibu kufanya TENASOSP na benye hawajaingia bado humanite. Kuna masomo zinachanganya bote, ya nane, finalisti, na bazazi, siku moja na mugeni mumoja, halafu zinashangaa nusu ya sali inasinzia. Chagueni kundi moja.

Mugeni wa hapa Lubumbashi

Huyu njo wa bei ndogo. Taksi ao mafuta ya gari tuweke dola 15, chakula cha midi 10, kukodesha mikro na bafle 30, inafika 55. Inabaki karibu dola 95, na hizo zinaweza kulipa mugeni wa pili, jambo lenye Kolwezi haiwezi kukupa. Hahitaji hoteli, hapandi bisi, akikuwa mugonjwa munaweza kupata mwengine kwa siku mbili. Tena mutoto mwenye alibakia na swali anaweza kukutana naye kisha, na naona hiyo ina uzito kuliko batu banavyofikiri.

Ubaya wake unatoka palepale penye uzuri wake unatokea. Juu haigharimu kitu, kila mutu anaichukua vyepesi. Masomo inamupigia simu Pili wakati siku ni Posho, yeye anaitika "hakuna shida", Posho asubuhi bosi anamuita kazini na hakuna mutu alimuandikia kitu cha kumuonyesha bosi. Mugeni wa karibu anahitaji barua kamili sawa na wa mbali, na anahitaji kuipata wiki tatu mbele. Namna ya kujua kama atakuya kweli: mumuombe mistari mitatu ya mambo atasema, na mumuulize anahitaji nini pale kwa sali, ubao, projektere, meza ya kuweka mawe. Mwenye anajibu hayo ameanza kutayarisha. Mwenye anajibu paka "niko pamoja na ninyi" mupate mwengine wa kumuweka pembeni.

Hapa mujini benyewe si ba namna moja. Muzee wa Gekamini mwenye alifunga pansyo anajua kazi kuliko sisi bote, anajua harufu ya fonderi, anajua nini inaua mutu chini ya udongo, na batoto banamusikilizaka kimya kabisa. Lakini njia ya masomo yenye alipita haiko tena: yeye alisoma gradua na lisansi ya zamani, kumbe tangu mwaka wa 2021-2022 iniversite zimeingia ndani ya LMD, na mutoto akifuata hesabu ya miaka ya muzee atajipanga mubaya, na baba yake mwenye kulipa naye atajipanga mubaya. Asistan wa UNILU ao enjenia kijana anajua LMD lakini mine ameiona miaka kidogo tu. Kwa swali letu mi ningechukua bote bawili, kijana dakika 25 juu ya masomo, muzee dakika 25 juu ya kazi, na saa nzima kisha ya maulizo. Hesabu inakubali: dola 55 za kwanza, ongeza 25 za taksi na chakula cha wa pili, ni 80.

Mugeni wa Kolwezi

Kolwezi iko karibu kilomita 300, bisi inapita Likasi, kuna peaji njiani, kuna makamiyo ya minere zenye zinaweza kufunga barabara kama moja imeharibika, kwa hiyo hesabu nusu ya siku na usimuahidi mutu saa kamili ya kufika. Na hapo njo siku na saa zinaanza kuamua feza. Ukiweka konferanse saa tatu asubuhi, mugeni hawezi kutoka Kolwezi siku ile ile, lazima alale Lubumbashi usiku wa mbele. Basi komite inasema tusogeze saa nane ya mchana, atatoka asubuhi mapema, tutaokoa hoteli. Hamutaokoa kitu. Akimaliza saa kumi na moja hawezi kuingia njiani usiku, atalala paka hapa, hoteli imehama tu kutoka Ijumaa kwenda Posho. Tena mwezi wa pili mvua ya hapa inapenda sana mchana, na chini ya mabati mvua ikipiga hata mikro haisaidie, batu 120 banatazama midomo ya mugeni tu. Kolwezi ni usiku moja wa hoteli, kila mara, na asubuhi ni heri kuliko mchana.

Tuhesabu: tiketi kwenda na kurudi 40, taksi za mujini 10, hoteli 40, chakula kutoka jioni mpaka midi ya kesho yake 20, inafika 110. Ongeza mikro na bafle 30, ni 140. Inabaki dola 10 za maji ya kunywa na kila kitu chenye hatukufikiria. Sasa mugeni akifika na mutoto muchanga na dada wa kumulea, ao akisema atakuya na gari yake na shofere, feza imekwisha mbele hajafungua kinywa. Hiyo si kosa lake, ni barua yenye haikusema.

Kuna jambo lingine lenye balimu habalijue sana. Mutu mwenye anatumika kwa sosiyete kubwa ya mine hawezi paka kuja kusema juu ya kazi yake. Mara nyingi lazima apate ruhusa kwa bakubwa bake, na barua inapita kwa biro ya komunikasyo, na inaweza kubakia pale wiki na wiki. Muulize mapema kabisa: utakuya kwa jina la sosiyete ao kwa jina lako? Kama ni kwa jina la sosiyete, andikeni barua mbili, moja yake na moja ya mukubwa wake, na muanze miezi miwili mbele. Kama ni kwa jina lake, barua iseme hivyo wazi, na musiweke logo ya sosiyete kwenye banderole, juu hiyo logo inaweza kumuletea matatizo kazini kesho yake. Muulize tena rotasyo yake iko namna gani. Mutu mwenye anatumika kwa rotasyo hajue "Posho yoyote", anajua siku zake za mapumziko, na anaweza kukupa hizo siku mbele ukimuuliza. Mupange siku yenu ndani ya siku zake, si yeye ndani ya zenu.

Basi Kolwezi inafaa saa gani? Inafaa kama mugeni ana kitu chenye hakiko hapa mujini, sema mama enjenia mwenye anaongoza timu ndani ya karyeri, na munataka babinti bamuone kwa macho. Kwa hiyo naona feza inastahili. Halafu mutafute masomo ya pili ya karibu, muwaambie: mugeni atalala Ijumaa, Posho saa tatu atakuwa kwetu, saa sita kwenu, hoteli, tiketi, taksi na chakula tunagawa katikati. Kila masomo inatoa 55 pahali pa 110, na yeye mwenyewe anafurahi juu safari moja imesaidia batoto mingi. Lakini mumuulize kwanza kama anakubali kusema mara mbili siku moja, musimushitukize akiwa amekwisha kufika.

Mugeni wa Kinshasa kwa video

Batu banafikiri hii ni ya bure. Kwa mufano wetu, ndege haiko, hoteli haiko, lakini hesabu: mega za kutosha mbali na zile za kawaida tuweke 10, kukodesha projektere 20, mafuta ya jenereta juu kuranti inaweza kwenda wakati wowote 10, mikro na bafle 30. Ni 70. Mugeni wa hapa mwenye anasimama mbele ya batoto anagharimu 55. Kwa hiyo video musiichague juu ya feza, muichague kama mutu mwenyewe hapatikane namna nyingine.

Jambo la kwanza lenye linaharibikaka ni saa. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Saa tatu ya asubuhi ya hapa ni saa mbili ya kule, na mwenye kuandika "saa tatu" bila kusema ya wapi ataacha batoto 120 kwenye viti saa nzima. Andika hivi: 9h00 ya Lubumbashi, 8h00 ya Kinshasa, vyote viwili kwenye mustari moja.

La pili ni sauti, na sauti ina nguvu kuliko picha. Picha ikikatika batu banavumilia, sauti ikikatika imekwisha. Telefone ya mwalimu mbele ya mikro haitoshi, munahitaji kamba ya kutoka kwa ordinatere kuingia kwa bafle, na mujaribu siku moja mbele, ndani ya sali ile ile, saa ile ile, na yeye mwenyewe mugeni kwenye laini, si jirani. Kujaribu kwa biro ya prefe hakuonyeshe kitu, rezo ya biro si rezo ya sali.

La tatu ni maulizo. Mutoto wa kiti cha nyuma anasema kwa aibu, mugeni kule hasikie, mwalimu anarudilia kwa maneno yake, swali limebadilika. Dawa yake inafanya kazi vizuri: kusanyeni maulizo ya kuandikwa siku nne mbele, muchague kumi, mumutumie mugeni, na siku yenyewe mutoto mwenye aliandika anasimama karibu na mikro kusoma lake. Na mumuombe mugeni arekodi dakika kumi za video za kutuma mbele, kama rezo imekufa munazo.

Kwa video musipite dakika 45. Kwa mugeni mwenye amesimama mbele yao saa moja na nusu inawezekana.

Gharama: kununua ninyi wenyewe ao kumupa feza mukononi?

Hii inahusu zaidi wa Kolwezi. Namna ya kwanza, masomo inalipa hoteli na tiketi yenyewe, mugeni hagusi feza. Muzuri kwa komite juu risiti zinabakia kwenu na bazazi wakiuliza munaonyesha. Mubaya ni kwamba mukichagua hoteli yenye haina maji, heshima ni yenu inaanguka. Namna ya pili, munamupa forfe moja, sema dola 100, yeye anajipanga, pengine atalala kwa ndugu yake Kampemba na chenye kimebakia ni chake, halali yake, anaweka sinyatire moja kwenye karatasi. Mi naona kwa mutu mwenye ana ndugu hapa forfe ni heri, kwa mutu mwenye hajue Lubumbashi mulipe ninyi. Chenye hakifai ni namna ya tatu yenye iko mingi sana, kumuambia "leta risiti tutakurudishia". Mugeni anatoa feza yake, anarudi Kolwezi, trezorye hapatikane, mwezi unapita. Mutu huyo hatarudi kwenu tena, na atawaambia benzake.

Kama hamuna onorere ya kumupa, semeni. Batu bengi banakubali kusema bure kwa batoto, chenye kinawaumiza ni kufika na kugundua. Na siku ya kumupa ile transpo, mumupe mbele ya kuanza ao mara moja akimaliza, ndani ya anvelope, na mutu mumoja tu mwenye amejulikana, asizunguke kwa biro akitafuta nani ana feza.

Barua rasmi mutaandika kwa Kifaransa na kashe ya masomo, lakini ujumbe wa kwanza kwa WhatsApp unaweza kuwa hivi, na ukiangalia vizuri utaona hakuna kitu mugeni atabakia kuuliza:

"Jambo Mama Enjenia, niko mwalimu wa fizika kwa masomo yetu ya Katuba, naandika kwa jina la prefe na komite ya bazazi. Tunaomba ukuje kusemesha bafinalisti betu 120 ba siyantifiki, mabinti 50 ndani yao, juu ya swali hili: kama nataka kutumika kwa mine nisome nini, na mwaka wa kwanza wa kazi uko namna gani? Ni dakika 40 za kusema na dakika 50 za maulizo, kwa Kiswahili ao Kifaransa vile unapenda. Tumefikiria Posho ya pili ao ya tatu ya mwezi wa pili, 9h00, utuambie yenye inaingia ndani ya mapumziko yako. Tunalipa tiketi ya bisi kwenda na kurudi, usiku moja wa hoteli wa Ijumaa, taksi na chakula, kwa mutu mumoja. Kama utakuya na mutu mwingine ao na gari, utuambie sasa tuone kama tunaweza. Onorere hatuna, tunasema wazi. Tutashukuru tukipata jibu mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa kwanza, ili tukitaka kutafuta mwengine tupate wakati. Kama unahitaji barua kwa bakubwa bako, utupe jina la biro tuiandike."

Ile "kwa mutu mumoja" na ile tarehe ya jibu njo zinaokoa komite. Bila tarehe ya jibu, mutaogopa kuita mwengine na mutaogopa kumusumbua wa kwanza, na mwezi wa pili utafika.

Juu ya siku, vitu viwili vitatu tu. Mukitafuta mama wa kusema, mukimbie mwezi wa tatu, juu ya tarehe 8 kila mutu anamutafuta na atawapa dakika 20 za haraka. Mukitafuta mutu wa mine ao wa Politekniki, musimuombe tarehe 4 Desemba na siku za karibu, banakuwaka ndani ya sikukuu ya Mutakatifu Barbara. Januari tarehe 4, 16 na 17 ni konje. Muulize tena kama mugeni ni Muadventisti, kwa huyo Posho haiko, chagueni Ijumaa ao katikati ya juma. Na kisha Pasaka bafinalisti kichwa chao kiko kwa Egzeta tu, mugeni mukubwa namna gani atasema na viti vyenye mawazo yao iko mbali.

Kwa masomo yetu ya Katuba na dola zake 150, jibu langu ni batu bawili ba hapa, kijana na muzee, kwa 80. Zenye zinabakia 70 zisirudi mufukoni mwa mutu: muziweke kwa mama enjenia wa Kolwezi wa mwaka wenye unakuya, muanze kumuandikia Novemba, na mupate masomo ya pili ya kugawana nayo bei ya hoteli. Video muiweke kwa mutu mumoja tu, yule mwenye hakuna namna nyingine ya kumusikia, na siku ya kujaribu sali mupeleke jenereta pamoja na mafuta yake.